Madonge ya Fasta

Mwiko wa jikoni kwetu una urefu wa mtoto wa darasa la tano, na nimeushika miaka kumi na moja. Shule sikwenda, baba alisema mtoto wa kike atasoma masufuria. Nikayasoma. Mume wangu alipohamia kwa mwingine aliniachia watoto watatu na godoro, na kilichotulisha tangu hapo ni kazi hii ya kuwapikia wafanyakazi hamsini wa kiwanda cha mbao.

Wiki ile fundi wa msumeno aling'ata donge kwenye ugali, unga mkavu ukamjaa mdomoni, akautema mbele ya meneja. Ugali huo ulisongwa na Fasta, mpwa wa msimamizi wetu wa jiko. Jina alilipata kwa haraka zake. Alikuwa amemwaga ndoo ya unga kwa mpigo kwenye maji yanayochemka. Unga ukimwagwa hivyo huiva nje tu, ukajifunga, ndani ukabaki mkavu. Lakini msimamizi, tuliyemwita Mama Stoo kwa ajili ya funguo zake, alipoulizwa alininyooshea kidole mimi. Sikujitetea. Nani angemsikiliza mpishi mbele ya mwenye funguo?

Meneja akasema Ijumaa atakuja kuupasua ugali mwenyewe. Likionekana donge moja, nifungashe virago.

Siku tatu sikulala vizuri. Ijumaa Mama Stoo alitangaza mbele ya walinzi, madereva na mafundi kwamba leo anayesonga ni mimi peke yangu, asije mtu akasingiziwa. Alitabasamu aliposema hivyo.

Nikateka ndoo mbili za maji kwa ndoo moja ya unga, na bakuli kadhaa za unga pembeni za kukazia. Maji mengine nikayaweka kwenye jiko la pili yawe moto. Huwa siachi hilo. Unga wa uji niliukoroga kwanza kwa maji baridi mpaka ukawa laini kama maziwa, ndipo nikaumimina kwenye maji yaliyoanza kupata moto, huku nakoroga. Uji ukaanza kutokota na kurusha matone. Hapo ndipo nilipoitwa getini, eti mwanangu anaumwa.

Nilikimbia. Getini hapakuwa na mwanangu wala mtu. Mlinzi alisema hakuniita.

Nilirudi nimekwisha kujua kwamba ni mtego. Fasta alikuwa amesimama kwenye sufuria na ndoo tupu mkononi.

"Nilikuwa nakusaidia, mama," alisema, bila kunitazama.

Unga wote ulikuwa umelala juu ya uji kama kifusi, na pembeni madonge yameanza kuibuka, mengine makubwa kama mayai ya bata. Saa sita kasoro dakika ishirini, na meneja anakuja saa sita. Niliwaona watoto wangu na lile godoro barabarani.

Nikavuta kuni zote nje, moto ukafa. Kifusi kile sikukikoroga. Ningekikoroga ningezalisha madonge mengine. Nilikikomba kwa bakuli, kile kikavu, nikakirudisha kwenye ndoo. Madonge nikayaopoa kwa chujio la chai, moja moja, mikono ikiungua. Yaliyobaki niliyaponda kwa mgongo wa mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Uji ulikuwa umeshikana mno, nikauongezea maji moto mpaka ukalegea, nikarudisha kuni, nikasubiri utokote tena. Kusubiri huko ndiko kulikonitoa jasho kuliko moto.

Kisha unga, kwa bakuli, kidogo kidogo. Nasukuma mwiko mbele, nakandamiza ukingoni, nageuza cha chini kije juu, ndipo naongeza. Ulipokaza na kuanza kuacha ukingo, nikapunguza moto, nikafunika uive ndani. Fasta alikuwa ameegemea mlango, anatafuna kucha.

Meneja alikuja na kisu. Akapasua kati. Mweupe. Akapasua pembeni, pale nilipoogopa. Akatafuna polepole, na mimi nilikuwa nahesabu mizunguko ya taya zake.

"Nani kasonga?" aliuliza.

Mama Stoo alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amekwisha kunitangaza mbele ya kiwanda kizima. Asingeweza kuugeuza ugali uwe wa mpwa wake.

"Ni yeye peke yake," alisema fundi wa msumeno. "Tumesikia wote asubuhi."

Meneja akasema niendelee na kazi. Radhi hakuniomba. Fasta bado yuko pale, na funguo ziko kiunoni kwa shangazi yake. Nikiitwa getini siku hizi, naenda na ndoo ya unga kichwani. Walinzi wanacheka sana. Wacha wacheke.