Mshale Uliolala Upande Mmoja

Pale kwenye kituo cha umeme walimwita Mama Mshale, kwa kuwa kila akiingia chumba cha betri hutazama mshale wa mita kabla ya kuwasalimu watu. Mshale ukisimama katikati, hucheka. Asubuhi hiyo ya mvua kengele ililia, na mshale ulikuwa umelalia upande wa hasi.

Umeme wa betri, ule unaoziamuru swichi kubwa zifunguke hatari ikija, ulikuwa unavujia ardhini. Uvujaji mmoja hauzimi kitu. Ukizaa wa pili, swichi inaweza kufyatuka bila sababu, au ikagoma kufunguka siku ya haja.

“Mvua hii haizai mmoja,” alisema Kidevu, mwenzake wa zamu.

Wakaanza. Kwa idhini ya msimamizi aliyekuwa kwenye simu, Mama Mshale alizima saketi moja, akatazama mita, akairudisha, kisha nyingine. Taa za dharura, kengele, mota za kukaza springi za swichi za uwanjani. Mshale uling'ang'ania pale pale kama kupe.

Ikabaki saketi ya ulinzi wa laini ya hospitali.

“Hiyo hatuizimi laini ikiwa na umeme,” alisema msimamizi. “Itabidi laini yenyewe izimwe. Jenereta yao mbovu, lakini tufanyeje? Nipigie ukiwa tayari.”

Mama Mshale akashusha simu. Saa ile dada yake alikuwa hospitalini, amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

“Mama, sema basi,” Kidevu alinong'ona.

“Ngoja. Nikiizima kwa kubahatisha, ni dhambi. Nikiiacha kwa ajili ya dada, ni dhambi vilevile.”

Akarudi kwenye mchoro ukutani, akiufuata kwa kidole, saketi kwa saketi. Kidole kikagota kwenye mota. Zile zilikuwa na milango miwili ya umeme: swichi upande huu, swichi upande ule, na kiungo katikati ambacho kilipaswa kukaa wazi.

“We Kidevu. Juzi ulipotengeneza mota, kiungo ulikifungua tena?”

Kidevu alishika kidevu chake.

“Basi mwizi tunamfungia mbele, anapita nyuma!”

Akaomba idhini, akazima pande zote mbili kwa pamoja. Springi zilikuwa zimekwisha kukazwa, swichi hazingedhurika. Mshale ukatikisika, ukajiinua, ukasimama katikati.

Kidevu akatoka mbio mvuani, akafungua kiungo. Upande wa kwanza ukawashwa: salama. Wa pili: mshale ukaanguka. Mama Mshale akauzima tena hapo hapo.

Kwenye boksi la nyaya la upande huo, Kidevu alikuta mfuniko umekaa pembeni na maji yamefika kwenye nyaya.

“Nitalikausha mwenyewe,” alisema Kidevu akirudi, amelowa chapachapa. “Na kiungo nitakikumbuka hadi kaburini.”

“Kikumbuke mpaka kesho, inatosha.”

Mama Mshale akampigia msimamizi. “Laini ya hospitali iache kama ilivyo.” Ndipo akakaa juu ya ndoo, macho kwenye mshale.