Maswali Mawili, Basi

Kwenye kliniki ya macho, chumba cha ujumbe wa simu kilikuwa nyuma ya masjala, na mwenyewe alikuwa mama mmoja waliyemwita Mara Mbili. Miaka kumi na tisa alizisoma meseji za wagonjwa, na sheria yake haikupinda: mtu akichanganyikiwa, muulize mara mbili tu. Baada ya hapo, kazi ni yako, si yake.

Adhuhuri hiyo alirudi kutoka kula akamkuta karani mgeni, binti mwenye bidii ya mchwa, ameinamia simu.

"Mama, huyu mzee hajibu ninachouliza!"

Mama alisoma. Mzee aliandika: "Kesho tuje wapi barua inasema la pili dawa imeisha. Simu sisikii vizuri, andikeni." Binti akauliza namba ya kadi. Akauliza jicho lipi. Tarehe ya barua. Jina la dawa. Jengo gani. Kila swali mzee alijibu kitu kingine, na meseji ya mwisho ilikuwa: "Basi mwanangu. Nimechoka. Tutabaki nyumbani."

Hilo la pili ni jengo la upasuaji; wakibaki nyumbani nafasi imepotea, na foleni ilikuwa ya miezi minane.

"Si wanasema kuuliza si ujinga?" binti alijitetea.

"Si ujinga. Lakini aliyepotea njia ukimsimamisha mara tano, hata alikotoka atapasahau. Umeshamaliza maswali yako na yangu. Leta daftari."

Wakatafuta kwa namba ya simu. Kumbe namba hiyo ina watu wawili: mume, kupimwa miwani kesho, jengo la kwanza; mke, kutolewa mtoto wa jicho kesho hiyohiyo, jengo la pili. Kadi, tarehe, jicho, dawa, vyote vimo humo humo. Binti akauma kidole.

Mama akaenda kwa muuguzi kuuliza habari ya dawa iliyokwisha, akarudi, akaandika yeye mwenyewe:

"Shikamoo baba. Pole kwa usumbufu, kosa ni letu. Hatutakuuliza tena. Kesho saa moja asubuhi njooni wote na barua, jengo la pili, mlango wenye ngazi. Mama ndiye wa kupasuliwa. Dawa msihangaike, atatiwa hapa. Wewe miwani utapimwa baadaye, tutakupeleka. Kama mtakuja, jibu NDIYO tu."

"Na asipojibu?"

"Tutawasubiri vilevile. Usimwandikie tena."

Saa tisa, kimya. Saa kumi, kimya. Binti alikuwa ameshainua simu mara tatu, na mara tatu Mama akamtazama, naye akaiweka. Saa kumi na nusu ikaingia: "NDIYO. Mke wangu ameacha kulia."

Asubuhi walikuwa ngazini kabla mlango haujafunguliwa, mzee amemshika mkewe kiwiko. Muuguzi akamwita mke kwa jina, naye akaingia. Binti akamchukua mzee kwenda kupimwa miwani, hakumuuliza neno.