86 Iliyosomeka 88

Rafiki yangu, hii nakuambia wewe kwa sababu najua hutakimbilia kunicheka. Kosa lilikuwa langu, la mikono yangu mwenyewe.

Ninatengeneza vibao vya namba za nyumba na mageti. Kichumba changu cha kazi kiko mtaa wa Muhima. Mzee mmoja wa Kinyinya, kiongozi wa majirani wa barabara yao, aliniagiza vibao vya barabara nzima: ubao wa bluu, namba nyeupe za ile stika inayorudisha mwanga wa taa.

"Ziwe nene, mama," akasema. "Namba zishibe!"

Nikazikata nene, za mviringo kama mandazi. Nilivyojua mimi, mstari mnene ndio unaoonekana mbali. Nikazikagua mezani, dirishani, saa sita mchana. Zilipendeza kabisa.

Wiki mbili baada ya kuvifunga, simu ikaita. Alikuwa mwanamke wa nyumba 86, mjamzito wa miezi minane, ambaye mume wake anafanya kazi mbali na anarudi Jumamosi tu.

"Mama, jana jioni mtu wa moto, yule wa pikipiki, alileta dawa yangu ya presha. Amegonga kwa 88 mpaka amechoka."

Nyumba 88 ilikuwa bado inajengwa. Ndani hakuna mtu, ni matofali tu.

"Si ungemwelekeza kwa simu?"

"Jana niliweza. Ariko, lakini presha ikipanda, macho yanaingia giza, hata simu sioni. Daktari amesema niite ambulensi mara moja. Wakienda kwa matofali, mimi nitafanya nini?"

Saa moja jioni, giza likiwa limeshaingia, nilipanda moto mpaka kwao. Dereva akasimama mbali kidogo, taa imewaka. Nikaangalia kibao changu. Namba ziliwaka kama zinaungua, mwanga ukamwagika nje ya mistari na kujaza matundu. Mkia wa ile 6 ulikuwa umejikunja mpaka karibu na tumbo lake, na nafasi iliyobaki ikafungwa na mwanga. Nilisoma 88. Mimi niliyeikata!

Usiku ule nilisali na kulia. Halafu nikafungua daftari langu la shule ya jioni, ukurasa wa kuchora kwa vipimo, nikaanza upya. Namba nyeupe inayowaka inataka mstari mwembamba: nikaufanya sehemu moja ya saba ya urefu wa namba. Mkia wa 6 nikaunyoosha uende juu, usirudi ndani. Kati ya namba na namba nikaacha nafasi.

Asubuhi nikaenda kwa mzee na namba mpya mkononi. Hakutaka kusikia.

"Zimekonda hizi! Zinaumwa? Na ukibadilisha kibao kimoja, barabara yangu inakuwa suruali yenye kiraka."

"Mzee, nitabadilisha vyote. Naomba nianze na 86 leo hii."

"Oya, hapana. Mchana zinasomeka vizuri."

"Mtoto hachagui mchana, mzee."

Nilikuwa nimekata namba mbili ndogo, robo ya ukubwa wa kawaida, moja ya zamani na moja mpya, ili hatua nane ziwe kama hatua thelathini na mbili. Nikamwomba tuingie stoo yake ya simenti, tukafunga mlango, nikasimama hatua nane kutoka kwake. Akashika tochi chini, kiunoni.

"Hakuna kitu hapa. Stika yako iko feki."

"Ipandishe karibu na jicho, mzee. Mwanga wa stika hii unarudi pale ulipotoka."

Akaipandisha mpaka kwenye paji la uso. Nikainua ya zamani.

"Themanini na nane," akasema haraka, kama mwanafunzi.

Nikainua mpya. "Themanini na sita."

"Zote mbili ni themanini na sita, mzee."

Alichukua ile ya zamani, akaigeuza mkononi, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akairudisha gizani. Mimi nilikuwa nikisema Baba Yetu kimoyomoyo. Mwisho akasema, "Fungua mlango, mama. Ngazi iko nyuma ya nyumba."

Saa kumi jioni kibao kipya kilikuwa getini kwa 86.

Usiku wa pili presha ilipanda. Mama yule aliniambia baadaye kwamba alipiga simu, akataja barabara na namba, halafu hakuona tena kitu. Alilala sakafuni akisikiliza. Akasikia gari linapanda, linapunguza mwendo, na mlango wa gari ukifunguka pale pale kwake. Alijifungua salama hospitalini; mtoto ni msichana. Niliitwa siku ya kumpa jina.

Kwa hiyo nakuomba: mweleze hii fundi yeyote unayemjua, na mwenye geti yeyote. Na leo giza likiingia, simama mbali na geti lako na tochi kando ya jicho, usome. Halafu mwambie na jirani asome la kwake.