Mabaka Niliyoyaficha Ndani ya Soksi

Mkono wangu wa kulia ulipoanza kugeuka mweupe, wanafunzi wangu walidhani ni chaki, nami nikawaacha wadhani hivyo. Nafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya Lubunga, ng'ambo ya mto ukitoka Kisangani mjini, na mwalimu wa darasa la kwanza huwa na chaki hadi kwenye nyusi, basi nani angeuliza? Lakini chaki huoshwa. Siku moja nilinawa mikono mbele yao, na watoto wote wakaona kwamba weupe wa vidole vyangu umebaki palepale. Kesho yake mtaa mzima ulijua.

Mtaa wetu una majibu kabla ya maswali. Wengine walisema nimejichubua kwa krimu za kung'arisha ngozi, na sasa zimenikomoa. Hilo liliniudhi sana, maana sijawahi kununua hata kopo moja. Wengine walisema ni ukoma. Lakini maneno yaliyoota mizizi yalikuwa ya tatu, kwamba nimeambukizwa na ndundu.

Ndundu ndilo jina la mtaani kwa mtu mwenye ualbino, na mmoja alikuwamo darasani mwangu. Alikuwa binti wa miaka saba, wa familia ya wavuvi wa maporomoko, aliyeletwa kwetu Septemba ile mama yake alipohamia upande huu wa mto. Nywele zake zilikuwa za rangi ya majani makavu, na macho yake yalichezacheza yakitafuta mahali pa kutulia. Nilimkalisha benchi la mbele, mbali na dirisha, kwa sababu hakuona ubaoni na jua lilimuunguza. Na kwa kuwa hakuyaona maandishi yangu vizuri, nilimfundisha kuandika kwa kuushika mkono wake na kuuongoza juu ya karatasi, herufi moja baada ya nyingine. Wazazi walikuwa wameyaona hayo. Wakajumlisha wenyewe: mwalimu amemshika ndundu, mkono wa mwalimu umekuwa mweupe.

Mkurugenzi wa shule aliniita ofisini. Si mtu mbaya, ila anaogopa kelele.

"Madame, bon, bazazi banasema batatoa batoto yabo," aliniambia. "Huyu mutoto aende shule ingine. Donc, kila mutu atatulia."

"Na mkono wangu utarudi rangi yake?"

Alisema kamati ya wazazi itakutana Jumamosi asubuhi, na kwamba nisilete ubishi.

Nilirudi darasani nikiwa nimefura kwa hasira. Nikainama kumshika binti mkono, tuandike herufi ya siku ile. Akauficha chini ya benchi.

"Lete mkono."

"Hapana, madame."

"Kwa nini?"

Alinong'ona ili wenzake wasisikie. "Ni miye nilikuharibisha?"

Hapo ndipo nilipoona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu, si ya mtaa. Maana mimi nilijua ukweli. Nilikuwa nao miguuni, ndani ya soksi.

Miaka mitatu nyuma, kabla sijamjua binti huyu, ngozi ilianza kupoteza rangi juu ya mguu wangu wa kushoto, pale pale ambapo kiatu kilikuwa kikisugua. Kisha mguu wa kulia ukafuata, kana kwamba umeona wivu. Nilivuka mto kwa mtumbwi hadi hospitali moja ya mjini, nikijua nitaambiwa ni ukoma. Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa kwa kipande cha pamba, mara kwenye baka, mara pembeni yake, nami niseme kila nikihisi. Nilihisi kila mguso.

"Ukoma unaua hisia," alisema. "Yako iko mzima. Hii banaita vitiligo."

Akanieleza taratibu. Kinga ya mwili wangu mwenyewe imekosea, inazishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na zinapokufa, sehemu ile inabaki nyeupe. Haiambukizi, hata kwa kulala kitanda kimoja. Haitokani na krimu wala na laana. Zipo dawa za kupaka zinazoweza kurudisha rangi polepole, lakini mikono na miguu ni mikaidi, nisijidanganye. Nilimuuliza kama naelekea kuwa ndundu. Akacheka kidogo. Mwenye ualbino, alisema, anazaliwa hivyo, amerithi kwa baba na kwa mama. Mwili wake wote unatengeneza rangi kidogo sana au hautengenezi kabisa, na hata macho yanapungukiwa, ndiyo maana haoni mbali. Mimi nilizaliwa na rangi yangu yote, sasa ninaipoteza kwa mabaka. Mtu hawezi kutoka hapa kufika pale.

Aliandika yote katika daftari langu la matibabu, akaweka tarehe. Nami nikalizika daftari chini ya vitenge, nikanunua soksi. Miaka mitatu, katika joto la Kisangani, nikavaa viatu vya kufunika, hata watu wakanitania kwamba najifanya mzungu wa ofisini. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu mimi, aliyekaribia kuumbuliwa badala yangu ni mtoto wa miaka saba.

Jumamosi wazazi walijaza darasa, watu wazima wamekunja magoti kwenye mabenchi ya watoto. Mama wa binti alisimama karibu na mlango, hakukaa. Papa mmoja wa kamati, mtu wa reli mwenye sauti nene, alisema kwa niaba ya wote. "Hatuchukie mutoto. Lakini alikuja, alors madame akapata ugonjwa. Tunaona na macho yetu."

Sikubishana. Nilikaa kwenye kiti changu, nikavua viatu, kisha soksi, nikaiweka miguu juu ya meza ya mwalimu. Mama yangu angezimia kwa adabu hiyo. Mabaka yalikuwa makubwa kuliko ya mkononi, meupe kama maziwa, yamepanda hadi vifundoni.

"Mnaona na macho yenu," nilisema. "Haya ni ya miaka mitatu." Nikampa yule papa daftari. "Soma, papa. Kwanza tarehe."

Aliisoma kwa sauti. Akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, akihesabu. Binti alikuwa amefika kwetu Septemba ile tu.

"Mulikuwa nayo mbele yake," alisema hatimaye.

"Mbele yake, kabla hajafika hapa. Na bwana wangu analala pembeni yangu miaka yote hiyo, mwulizeni kama ana baka hata moja."

Mama mmoja akacheka, wengine wakafuata. Si wote. Wawili waliwatoa watoto wao wiki ile ile, na mmoja wao hadi leo hapokei mkono wangu. Lakini mkurugenzi alisema binti atabaki, na mama yake aliniinamia kichwa kutoka mlangoni, akaenda zake kuuza samaki.

Jumatatu nilikwenda kazini na kandambili. Watoto walitazama, wakachoka kutazama. Nilipofika benchi la mbele niliuweka mguu mmoja juu ya benchi. Binti aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa mguu wangu, kwa sababu ndivyo anavyoona, akalifuatisha baka kwa kidole mpaka ukingoni. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, rangi moja kutoka kucha hadi begani.

"Ya madame iko na mwisho," alisema. "Yangu haina mwisho. Haifanane."

"Haifanani," nilisema.

Akaniletea mkono, tukaandika.