Saa ya Wifi

Ukitaka kumjua Bi Utepe vizuri, mwone akiwa juu ya ngazi, mkasi mfukoni, tepe za kung'aa zimemning'inia shingoni kama bibi harusi aliyekimbia sherehe. Ndiyo kazi yake, kupamba kumbi. Na kwa sherehe ya kufunga mwaka, ile saa kubwa ya ukutani ambayo wageni huikodolea macho usiku wa manane, siku zote alikuwa akiitengeneza yeye.

Mwaka huu meneja wa ukumbi akasema saa apewe wifi yake Bi Utepe.

Wifi mwenyewe ni mdogo wake mumewe. Bi Utepe ndiye aliyemfundisha kushika bunduki ya gundi bila kuunguza vidole. Sasa mwanafunzi kapewa ukuta, mwalimu kaachiwa dari. Roho ilimuuma, jamani. Asubuhi ile hata salamu aliitoa kama anayelipishwa.

"Wifi, njoo unitazamie," binti alimwita.

Bi Utepe akaja, mikono kiunoni. Saa ilikuwa ya ubao mwepesi, imevishwa karatasi ya dhahabu, namba za saa, moja hadi kumi na mbili, zikiizunguka pembeni. Katikati palining'inia kadi zenye namba, kumi mpaka moja, za kudondoshwa moja moja watu wakihesabu. Juu yake kilifungwa kitambaa chepesi kama machela, kimejaa vikaratasi vya rangi. Upande mmoja kilipigiliwa, upande wa pili kilishikwa na kamba moja tu iliyopita kwenye vitanzi. Ukiichomoa, kitambaa kinafunguka na vikaratasi vinamwagika.

Ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipouma zaidi.

"Si mbaya," alisema. "Kwa mtu anayeanza."

Akarudi kwenye ngazi yake. Kama ukuta hakupewa, basi dari itazungumza! Kwa kawaida tepe za dari huzivuta zikabana, kutoka katikati hadi ukutani. Safari hii aliziachia zilegee na kushuka kama matumbo makubwa, safu ya kwanza ya fedha, ya pili ya dhahabu. Feni zilikuwa zimezimwa na tepe zimekaa mbali na taa, hilo alilijali. Kila alipofunga tepe alitupa jicho kule ukutani, na kutoka juu ya ngazi saa aliiona yote.

Alasiri meneja aliingia na kikombe chake cha chai, akaketi meza ya nyuma kabisa.

"Jamani, mbona mimi naiona saa nusu tu? Kumi na mbili iko wapi?"

Wifi akakimbia nyuma, akaketi kiti cha jirani. Uso ukamshuka.

"Umeipandisha mno," meneja akasema. "Ishushe. Wageni wanakuja kuhesabu, hawaji kubahatisha. Ikishindikana, mwakani natafuta mtu mwingine."

Akatoka. Bi Utepe akiwa bado juu ya ngazi, moyo ukamruka kwa furaha. Mwakani!

Wifi akavuta ngazi ya pili, akachukua bisibisi. Ubao ule ulikuwa umegundishwa na kupigwa skrubu, ungeung'oa, ungemeguka. Na hata kama ungeshuka salama, vichwa vya wageni wakicheza muziki vingeuficha.

"Wifi," binti akauliza, bila kugeuka, "hivi nilipima vibaya? Nilifanya vilevile ulivyonifundisha."

Bi Utepe akashuka. Akaenda nyuma kuketi kwenye kiti alichokalia meneja, akainua macho. Matumbo ya tepe zake yalikuwa yameimeza saa kuanzia usawa wa namba tatu kwenda juu. Angenyamaza tu, kazi ingejimaliza yenyewe.

"Weka hiyo bisibisi chini," akasema hatimaye.

"Lakini meneja amesema…"

"Meneja anajua chai. Saa haina kosa. Ni tepe zangu zimelegea."

"Zimelegea zenyewe?"

"Usinichunguze, binti wewe! Shika ngazi."

Akapanda. Akaikata safu yote ya dhahabu, kila mkato ukimchoma kama unapita ubavuni mwake, kisha akaivuta ile ya fedha ikabana dari. Wifi akakimbilia kiti cha nyuma.

"Naiona! Yote, wifi!"

Meneja aliporudi alipiga makofi. "Hii saa! Binti, mwakani ni wewe tena." Dari hakuitazama hata mara moja.

Bi Utepe alikuwa akikunja tepe zake za dhahabu, taratibu, zisikunjamane. Binti akamjia na ncha ya kamba.

"Saa sita ikifika, ivute wewe, wifi. Mimi nitadondosha namba."

Bi Utepe akaipokea, akaijaribu mkononi kama ameletewa nguo ya mtumba.

"Fundo lako baya," akasema.

Akalifungua, akalifunga upya, kisha kamba hakuirudisha.