Kioo cha Dirisha la Grover

Saturnino Callisaya alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa shida, kama anayeng'olewa jino. Kwa miaka ishirini na sita tabia hiyo haikumletea hasara, kwa sababu alikuwa na Leocadia. Yeye alitoboa vioo na vigae, mkewe akaongea. Ndivyo walivyogawana kazi kwenye kibanda chao kando ya lango la makaburi, huko juu katika jiji la La Paz, ambako wafu hulazwa ndani ya kuta, safu juu ya safu, na kila mmoja ana kijimlango chake cha kioo. Nyuma ya kioo jamaa huweka maua, picha, na kichupa cha soda aliyoipenda marehemu.

Kijimlango hicho hakijishikizi chenyewe. Kioo hutaka tundu mbili za bawaba na moja ya kufuli, na vigae vinavyozunguka mdomo wa kaburi navyo hutaka tundu za skrubu. Hapo ndipo wengi walipoharibu. Saturnino alikuwa na biti zake za drili zimepangwa kwenye kopo la maziwa: zenye ncha ya mkuki kwa vigae laini vya kizamani, na zile za almasi, za duara na wazi katikati, kwa vioo na vigae vigumu vya siku hizi. Kwenye kigae alibandika kwanza utepe wa karatasi ili biti isiteleze, akaenda polepole, na mtindo wa kugonga hakuuwasha mpaka kigae kiwe kimetoboka na biti imefika kwenye tofali. Hapo ndipo alipobadili biti. Kioo alikilaza juu ya ubao wenye kipande cha blanketi, akazungushia alama kijibwawa cha puti, ule udongo laini wa mafundi wa vioo, akatia maji, akainamisha drili kidogo mpaka biti ichonge kijimfereji cha kushikia, ndipo akaisimamisha wima. Tundu ikikaribia kutokea upande wa pili, alikigeuza kioo na kumalizia kutoka huko, kisibanduke vigamba.

Na wakati wote huo Leocadia alikuwa akiongea na mteja. Alimweleza kwa nini mzee anakwenda taratibu vile, akamuuliza marehemu alikuwa nani, akamchekesha mjane aliyekuwa hajacheka kwa wiki nzima. Kisha Machi ya mwaka ule ugonjwa wa figo ukamchukua Leocadia, na kibanda kikabaki na mlio wa drili peke yake.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo roho za wafu huaminiwa kurudi kwa jamaa zao kisha kuagwa, wakati mtaa mzima ulikuwa unanukia mkate na maua, alifika mama mmoja amebeba kitu kipana mgongoni ndani ya kitambaa cha rangi. Alijitaja jina, Basilia Huanca, ingawa hakuna aliyemuuliza. Akafungua mafundo mezani kwa Saturnino, na ndani mlikuwa na kioo cha dirisha la basi, chenye michoro ya rangi nyekundu na manjano ukingoni na maandishi makubwa ya mkono katikati: MTOTO WA BASILIA.

"Ni la mwanangu Grover," alisema. "Aliendesha basi dogo la kwenda El Alto. Aliliandika mwenyewe, kwa brashi. Wenzake walimtania, wakamwambia dereva gani anatangaza jina la mama yake mjini? Akawajibu, nyie wa kwenu mnawaficha kwa sababu gani." Alipangusa vumbi kwa kiganja. "Basi lilianguka Juni. Vioo vyote viliisha ila hiki. Nataka kiwe mlango wake. Keshokutwa watu wanakuja kumuaga, roho yake ni mpya, mwaka wa kwanza. Nitobolee, baba."

Saturnino alikigeuza kioo, akakwangua rangi kwa ukucha kwenye pembe moja, na chini yake ikatokea ile mihuri midogo ya kiwandani aliyoijua. Kioo kilichochomwa motoni na kupozwa ghafla, ili kikivunjika kisimkate abiria. Kioo cha namna hiyo kimejikaza chenyewe ndani kwa ndani. Ukikichokoza popote, chote huachia kwa pamoja. Hakuna biti wala mwendo duniani utakaokisaidia. Hutobolewa kabla ya kuchomwa, au hakitobolewi kabisa.

Alichosema kwa sauti kilikuwa neno moja.

"Hakitobolewi."

"Hata kama utakwenda polepole?"

"Hakitobolewi, mama."

Akamrudishia, akaokota kazi nyingine. Na hapa mimi namkasirikia, maana simulizi hii isingekuwepo kama angekaa kwenye kiti akasema maneno kumi zaidi. Kioo kile hakikuhitaji tundu. Kingetiwa kwenye fremu ya alumini, mpira ukingoni kote, bawaba na kufuli vikafungwa kwenye fremu, kioo kisiguswe. Fremu za namna hiyo alishatengeneza mara nyingi. Vipande vya alumini vilikuwa vimeegeshwa nyuma ya mgongo wake pale pale. Lakini wateja saba walikuwa wanangoja, na kazi ya kueleza haikuwahi kuwa yake. Alidhani mtu akiambiwa hapana, huuliza basi tufanyeje. Leocadia asingengoja kuulizwa.

Basilia hakuuliza. Alifunga mafundo yake, akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara alikuwa Remberto, fundi kijana wa miaka thelathini, mwenye spika ya muziki na mdomo mkubwa zaidi ya spika.

"Yule babu kakukatalia?" Saturnino alimsikia akisema. "Usimlaumu, mama yangu. Mikono imeanza kutetemeka. Lete, tumtengenezee mtoto wetu mlango."

"Remberto!" Saturnino aliita kutoka upande wake. "Hicho acha!"

"Haraka haraka haina baraka, si ndiyo?" Remberto alimjibu huku akicheka. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee! Toboa vyako!"

Watu wakacheka. Saturnino alijisikia aibu kupiga kelele barabarani, akanyamaza. Hata kwa kunyamaza huko hakujisamehe.

Tusimwonee Remberto: alifanya kila kitu sawasawa. Alikilaza kioo kwenye blanketi, akatia puti na maji, akachagua biti ya almasi iliyo kali, akaweka drili kwenye mwendo wa chini kabisa, hata spika akaizima. Alishatoboa vioo vya madirisha ya nyumba mia kadhaa bila ufa. Muhuri wa pembeni aliuona na kudhani ni jina la kiwanda tu. Alikosea kitu kimoja, kukijua kioo, na hicho kimoja kilitosha.

Biti haikuzama hata nusu ya unene. Ulisikika mshindo mmoja, kama gunia la maharage limepasuka, na mezani hapakuwa na kioo tena. Palikuwa na rundo la punje, maelfu, ndogo kama mahindi, nyingine zikiruka barabarani. Nyekundu, manjano, na nyingi zisizo na rangi yoyote.

Remberto alibaki na drili hewani, uso umemshuka.

"Mama, nilikwenda polepole," alisema. "Haki ya Mungu, mwenyewe umeona, nilikwenda polepole."

Basilia alipiga magoti, akatandaza aproni, akaanza kuokota. Waliokuwa wanacheka waliinama wakamsaidia, na Remberto naye akainama, akiokota chini ya magurudumu ya teksi. Saturnino alivuka barabara akaokota pia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja na hakuwahi kuionea haya kazi yake mpaka asubuhi ile.

Kesho yake, kabla kengele za misa hazijalia, Basilia alikuwa mbele ya kibanda cha Saturnino. Macho yalikuwa yamevimba, lakini nywele alikuwa amezisuka vizuri. Alitaka kioo cha kawaida, cha dukani, na bawaba zake, na kufuli. Saturnino hakumwambia apange foleni. Alitoa kioo kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akapima mara tatu, akatoboa kwa mwendo ambao hata Leocadia angemcheka, akinyanyua biti kila baada ya muda kidogo ili maji yaingie. Tundu tatu zikatoka safi, kingo zake laini.

Kaburi la Grover lilikuwa safu ya nne. Saturnino alibeba ngazi, Basilia akabeba kioo. Huko juu alibandika utepe kwenye vigae, akatoboa polepole, kigae cha kushoto, kigae cha kulia, akabadili biti akaingia kwenye tofali, akasukuma vile viplastiki vya kushikia skrubu mpaka vikapita unene wa kigae, visije vikakipasua kwa ndani. Kisha akatundika mlango. Ukafunga vizuri, bila kukwaruza popote.

Alishuka, Basilia akapanda. Aliweka picha, mkate wenye uso wa mtu, ule wa kupokelea roho, na chupa ya jamu iliyojaa punje za kioo. Alizigeuzageuza zile nyekundu zielekee mbele. Hazikuunda neno lolote. Alishuka akasimama akitazama juu, akauliza bila kumgeukia:

"Jana, baba. Ulisema hakitobolewi, na kweli hakikutobolewa. Nikakuona mtu wa kweli. Sasa niambie na hili. Kulikuwa na namna nyingine?"

Uongo ulikuwa karibu, tena ulikuwa na huruma. Angesema hapana, yule mama angekwenda nyumbani amlaumu Remberto, au basi, au Mungu, na angelala. Neno lilikuwa moja tu, na neno moja Saturnino aliliweza.

"Ilikuwepo," alisema. Kisha, kwa kuwa alishachelewa siku nzima, akaendelea. "Fremu, mama. Ya alumini, yenye mpira. Hakuna kutoboa. Kioo chako kingekaa hapo juu kizima, na maandishi yake. Ningemaliza kwa saa mbili. Vifaa nilikuwa navyo. Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Aliyekuwa akiwaambia watu ni mke wangu. Amefariki Machi."

Basilia aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu za rambirambi na kuzirudisha. Saturnino alingoja atukanwe. Angependa kutukanwa.

"Aliliandika kwa wiki mbili," alisema Basilia. "Herufi ya mwisho ilikuwa imepinda kidogo. Nilikuwa nikimwambia airekebishe."

Alikunja kitambaa chake, ambacho sasa hakikuwa na cha kubeba, akakitupia begani.

"Ungesema tu, baba," alisema, akashuka kwenye njia ya katikati ya kuta, na Saturnino akabaki ameishika ngazi.