Karatasi Iliyotaka Kunihamisha

Siku niliyomaliza kulipa kodi ya nyumba niliyokuwa nimeichelewesha, nilijinunulia mishikaki miwili na ndizi ya kuchoma, nikala nimesimama barabarani, mtaani kwetu Jabe, hapa Bujumbura, kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Kwa miezi mitatu nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisikutane na mwenye nyumba. Kisa chenyewe kilikuwa shule moja iliyonipa kazi ya kushona sare za wanafunzi. Nilinunua vitambaa kwa pesa yangu, nikashona mpaka vidole vikauma, kisha shule ikakaa kimya muhula mzima kabla ya kunilipa.

Walipolipa, sikutaka hata kuilaza ile pesa nyumbani. Niliipeleka benki siku hiyohiyo, kwenye akaunti ya mwenye nyumba: Januari, Februari na Machi za nyuma, na Aprili iliyokuwa inaendelea. Mwenye nyumba ni mzee muuza vitambaa, wa ukoo uliotoka Omani zamani, na mtaa mzima unamwita Hadji. Alinipigia simu mwenyewe.

"Imeingia, mama. Mi na we hatudaiane tena."

Nikafurahi, nikaamini mambo yamekwisha.

Wiki moja baadaye akaja mwanawe na daftari. Ndiye aliyekuwa ameanza kukusanya kodi, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yanachoka. Alisimama mlangoni, akapitisha kalamu juu ya jina langu.

"Mama, huku iko miezi mitatu haujalipa."

Nikamletea bordero, ile stakabadhi ya benki. Aliitazama pande zote mbili.

"Hii inaonyesha pesa na tarehe. Haionyeshe ni ya miezi gani. Labda ulilipa ya mbele."

Nilicheka kwa hasira. Nani duniani ana deni la miezi mitatu nyuma halafu analipa ya mbele? Lakini yeye hakucheka. Aliniambia kwamba mtu mwenye deni la miezi mitatu anaachia wengine nyumba, na mimi nilikuwa nimeshamwona huyo mwingine: bwana mmoja mwenye viatu vizuri aliyekuja mara mbili, akapima ua wangu kwa hatua. Nyumba ile ina vyumba viwili tu, lakini wateja wangu wote wanajua dirisha langu. Nikiondoka pale, cherehani yangu inaanza upya kama mgeni.

Kwa hiyo nikaamua: neno la simu halitoshi, nataka karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe lilikuwa mikononi mwa mtu asiyenipenda.

Karibu na soko kuna mama mmoja anayechapa barua za watu kwa kompyuta. Nikamweleza nataka maandishi ya mwenye nyumba yanayosema sina deni la kodi.

"Hiyo niko nayo tayari," akasema. "Watu wanaomba kila siku. Nipe tu majina na namba ya nyumba. Haraka, umeme unaweza kwenda."

Akaandika, mashine ikatoa nakala mbili. Niliona jina langu limeandikwa vizuri, nikaona kwa Kifaransa, ambacho nakijua kidogo tu, maneno yanayosema sina deni lolote, nikalipa, nikaondoka naringa. Haraka haraka haina baraka. Nimewaambia wanafunzi wangu wa ushonaji maneno hayo mara ngapi!

Dukani nilimkuta Hadji ameketi kati ya majora ya vitambaa, na mwanawe nyuma ya kaunta. Mwana akapokea karatasi kwanza. Akasoma upesi, halafu akatabasamu, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu nimfahamu.

"Papa, signe tu. Iko sawa kabisa."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Lakini mimi niliona haki imeshinda, nikamkabidhi mzee kalamu yangu mwenyewe.

Hadji hasaini kitu asichosoma. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kushuka polepole, midomo ikitembea. Nilimvumilia kwa shida. Kisha kidole kikasimama. Akavua miwani, akaniangalia kwa uso wa mtu aliyeumizwa.

"Mama, mi nimekukosea nini? Unahamia wapi? Kibenga?"

"Kibenga, kwa matajiri! Na cherehani moja? Nani amesema nahama?"

"We umesema. Hapa." Akanisomea, akitafsiri neno kwa neno: mpangaji ameacha nyumba kwa hiari yake, amekabidhi funguo, na hana deni lolote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mama wa kompyuta alikuwa na mfano mmoja tu, ule wa wanaohama, kwa sababu kwetu watu wengi huomba karatasi hiyo siku ya kufunga mizigo. Nusura nijifukuze mwenyewe, kwa gharama yangu, na nakala mbili.

Nikamgeukia mwana. "We ulisoma?"

"Nilisoma."

"Na ukanyamaza?"

"Mi nilifikiri unajua kitu unaomba."

Nilitaka kumrushia jora la kitambaa. Hadji hakupandisha sauti. Alimwambia tu alete karatasi za benki. Mzee alitafuta siku pesa yangu ilipoingia, akachana karatasi mbili za mistari, akaanza kuandika kwa mkono, kwa Kiswahili, huku akisema kila neno kwa sauti. Aliandika jina langu na la kwake, na nyumba ilipo. Akaandika kiasi kilichoingia na tarehe yake, na kwamba pesa hiyo ni kodi ya Januari, Februari, Machi na Aprili, kila mwezi kwa jina lake. Kwamba hadi mwisho wa Aprili hakuna deni la kodi lililobaki. Kwamba garanti, ile amana ya miezi miwili niliyoweka nilipoingia, bado iko kwake. Halafu akafikiri kidogo, akaongeza: na mpangaji anaendelea kukaa.

Alisaini, nami nikasaini. Kisha akazisukuma zote mbili kwa mwanawe.

"Na we, shahidi."

"Apana, Papa. Nyumba si yangu."

"Ndiyo maana. Mi nitakumbuka. We ndiye utasahau."

Akasaini. Kalamu ilikuwa yangu, na sikumwachia.

Siku hizi Hadji yuko Maskati kwa binti yake, anatibiwa macho. Nimemkumbuka sana, nasema bila aibu. Mwezi uliopita mwana alikuja na daftari jipya. Alikuwa amenakili kila kitu kutoka la zamani, na ile miezi yangu mitatu ilikuwa imenakiliwa pamoja na mengine. Sikugombana. Nilimpa kiti, nikamletea karatasi. Alisoma akishuka na kidole, kama baba yake, mpaka akafika chini kabisa.

"Hii signature ni yangu," akasema polepole.

"Ni yako."

Akaikata ile mistari mitatu mbele yangu. Alipokuwa anaondoka aliniuliza, kama mzaha, ile karatasi nyingine ya kompyuta niliipeleka wapi. Nilimwambia ninayo, haina saini ya mtu. Halafu nikatoa funguo mfukoni, nikafunga geti nyuma yake.